Kichanga cha Kilo Nne na Kijana wa Viatu Namba 44

Mabibi na mabwana, wazazi wenzangu, nimeombwa nizungumze kwa dakika chache kisha nijibu maswali. Kazi yangu ni kupima watoto. Ni daktari, lakini ukiniuliza nashinda nikifanya nini, nitakwambia nashinda nimepiga magoti nikinyoosha magoti ya wengine ili nijue urefu wao. Katika kazi hiyo kuna mambo mawili nayasikia karibu kila wiki, na yote mawili yamesababisha machozi yasiyo ya lazima.

La kwanza husemwa wodini. Mkunga anamweka mtoto kwenye mizani, mizani inasoma kilo 4.4, na kabla mama hajamaliza kushusha pumzi, bibi amekwisha kuushika unyayo wa mjukuu kwa vidole viwili na kuugeuza kama anayekagua ndizi. "Huyu atakuwa anainama kupita mlangoni." La pili husemwa miaka kumi na miwili baadaye, kijana anapokataa viatu alivyonunuliwa miezi minne iliyopita kwa sababu vinambana. Baba anaguna kuhusu gharama, kisha anajifariji kwamba urefu unakuja, kwa kuwa nyumba kubwa haianzi na msingi mdogo.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu lugha yetu. Kiswahili kinatupa "mguu" kwa kila kitu kuanzia nyonga hadi kidole gumba, na katika mada hii hilo ni tatizo, maana nyonga na kidole gumba havikui kwa ratiba moja. Kwa hiyo nikisema unyayo nina maana ya kile kinachoingia kwenye kiatu, na nikisema mguu nina maana ya kilichobaki hapo juu.

Tuanze na kichanga.

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50, wavulana wakiwazidi wasichana kidogo tu. Anayefika 53 au 54 ni mrefu kwa kichanga. Lakini swali la kujiuliza ni nani aliyempa urefu huo. Wengi tunadhani ni mbegu ya baba na mama ikianza kujionyesha. Sehemu ndogo ndiyo. Sehemu kubwa zaidi ni mazingira ya tumboni: ukubwa wa mama mwenyewe, kondo la nyuma lilivyopitisha chakula, sukari ya mama, mimba ilikaa wiki ngapi, na kama hii ni mimba ya kwanza au ya nne. Mzaliwa wa kwanza kwa kawaida huwa mwepesi kidogo kuliko wanaomfuata, na bado hatuoni wazaliwa wa kwanza wakiishia wafupi kuliko wadogo zao.

Mwaka 1938 watafiti wawili wa Uingereza, Walton na Hammond, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo silichoki. Walichukua farasi wa aina ya Shaya, wale wakubwa wa kuvuta mizigo mizito, wakawapandisha na farasi wadogo wa Shetlandi, ambao mgongo wao unaishia kiunoni mwa mtu mzima. Wakafanya kwa pande zote mbili: mama mkubwa na baba mdogo, kisha mama mdogo na baba mkubwa. Damu ya watoto ilikuwa nusu kwa nusu katika pande zote. Lakini watoto waliotoka kwa mama wakubwa walizaliwa wakiwa na uzito wa kama mara tatu ya wale waliotoka kwa mama wadogo. Tumbo dogo lilimbana mtoto wa baba mkubwa, na ilibidi limbane, la sivyo mama angekufa wakati wa kuzaa. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Mama mwenye umbo dogo aliyeolewa na mwanamume mrefu anaweza kujifungua kichanga cha wastani ambaye ndani yake kuna jitu linalosubiri nafasi.

Jambo la pili ni homoni. Ile tunayoiita homoni ya ukuaji, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, haina kazi kubwa tumboni. Huko kazi inafanywa zaidi na insulini ya mtoto mwenyewe na homoni nyingine zinazofanana nayo. Ushahidi wake ni wa wazi kabisa: mtoto anayezaliwa hana homoni ya ukuaji kabisa huzaliwa na urefu unaokaribia wa kawaida, na huanza kubaki nyuma baadaye. Upande wa pili yupo Robert Wadlow, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1918, ambaye pituitari yake ilizidisha kazi. Huyo ndiye mwanadamu mrefu kuliko wote waliopimwa kwa uhakika, sentimita 272 alipofariki mwaka 1940. Alizaliwa na uzito gani? Chini ya kilo 4. Mkunga wake hakuona ajabu yoyote.

Kwa hiyo injini inayojenga urefu wa utu uzima haijashika usukani siku ya kuzaliwa. Inaushika katika miezi inayofuata, na hapo ndipo yanapotokea mambo yanayowatisha wazazi.

Nitawaeleza kisa kimoja. Mama mmoja, mrefu wa sentimita 158, mume wake 168, alijifungua mvulana wa kilo 4.4 na sentimita 53. Alikuwa na kisukari cha mimba kilichogunduliwa kwa kuchelewa. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Kongosho ya mtoto ikiona sukari nyingi inatengeneza insulini yake kwa wingi, na insulini hiyo inamnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Ndiyo maana watoto hawa wakati mwingine mabega hukwama wakati wa kuzaliwa. Ukoo ulishangilia, mtoto akapewa jina la utani la mtu mrefu wa ukoo ule, na mambo yakaenda hivyo.

Alipofikisha mwaka mmoja alikuwa na sentimita 75. Kwenye chati ya ukuaji alikuwa ameanza karibu na mstari wa juu kabisa, na sasa alikuwa ameteremka hadi chini kidogo ya mstari wa katikati. Wakati huohuo, binamu yake aliyezaliwa na sentimita 48 alikuwa naye amefika 75. Sasa fikirini kikao cha familia. Maziwa ya mama yalilaumiwa kwanza. Kisha ukaja uji wa kulazimishwa, mtoto anashikwa pua ili ameze. Mama alikuja kwangu na kadi ya kliniki imekunjwa mara nne, akasema, "Daktari, mwanangu anadumaa."

Nikaichukua kadi, nikaikunjua juu ya meza, nikaweka rula. Mtoto alikuwa ameongeza sentimita 22 kwa mwaka, binamu yake 27. Uzito wake ulikuwa kilo 9.6, sawasawa na wastani wa umri huo. Anatambaa, anasimama kwa kushika kiti, ana meno, anacheka. Hakuwa anadumaa. Alikuwa anahama kutoka mstari aliopewa na tumbo kwenda mstari aliopewa na wazazi wake. Binamu alikuwa anahama upande mwingine, na siku hiyo walikutana njiani. Kuhama huku huanza miezi michache baada ya kuzaliwa na kwa kawaida huwa kumekamilika kufikia umri wa miaka miwili. Baada ya hapo mtoto mwenye afya hushika njia yake na kutembea nayo bila kuyumba sana mpaka balehe. Yule mvulana alipofika miaka miwili alikuwa na sentimita 86, chini kidogo ya wastani, na tangu hapo hajatoka kwenye mstari wake.

Wanaopima uhusiano wa vipimo hutumia kipimo cha kutoka 0 hadi 1, ambapo 0 maana yake kitu kimoja hakikwambii lolote kuhusu kingine na 1 maana yake kinakwambia kila kitu. Urefu wa kuzaliwa na urefu wa utu uzima uko karibu na robo. Urefu wa miaka miwili na ule wa utu uzima unakaribia robo tatu au zaidi. Mtoto ni yuleyule, mifupa ni ileile, zimepita siku mia saba na kitu tu. Ukitaka kubashiri, subiri hizo siku.

Hapo nilinyamaza, na maswali yakaanza. Mama mmoja wa safu ya mbele aliuliza, "Daktari, kwa hiyo ukubwa wa kuzaliwa hauna maana yoyote? Mbona kwenye kadi mnauandika?"

Mama, una maana, ila maana yake ni ya nyuma zaidi kuliko ya mbele. Tunauandika kwa sababu unatueleza mimba ilikwendaje. Mtoto mzito sana anatufanya tupime sukari yake saa chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu insulini nyingi aliyozoea kuitengeneza inaweza kuishusha sukari ghafla baada ya kitovu kukatwa. Hata unyayo wa kichanga una kazi ya namna hiyo. Kwa aliyetimiza miezi huwa kama sentimita saba na nusu hadi nane, na mahali ambapo hakuna mizani, kuupima kunasaidia kumtambua mtoto njiti anayehitaji kupelekwa hospitali haraka. Bibi anayeshika unyayo wodini hakosei kuushika. Anakosea kuusoma.

Kuna hali moja ambapo udogo wa kuzaliwa unaangalia mbele kidogo. Mtoto aliyezaliwa mdogo mno kwa umri wa mimba yake mara nyingi huwafikia wenzake, kama tisa katika kila kumi, kufikia umri wa miaka miwili. Yule mmoja ambaye hajawafikia kufikia hapo ana uwezekano mkubwa wa kubaki mfupi, naye anahitaji kuonwa na mtaalamu. Kwa njiti tunaongeza muda wa kusubiri. Tunamsubiri mpaka kama miaka minne.

Baba mmoja akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na mkewe juu ya jambo hilo: "Wale farasi wako walipokua walilingana?"

Swali zuri, na jibu linanivurugia hadithi kidogo. Hawakulingana kabisa. Pengo lilipungua, lakini wale waliozaliwa na mama wakubwa walibaki wakubwa kiasi. Mtoto wa farasi husimama saa moja au mbili baada ya kuzaliwa, huku akiwa amekwisha kukua sehemu kubwa ya urefu wake tumboni. Sisi tunazaliwa na chini ya theluthi moja ya urefu wetu. Mwanadamu ana muda mrefu wa kusahihisha alichopewa na tumbo, farasi hana.

Mwingine alitaka kujua kama vipimo vya wodini vinaaminika. Uzito, ndiyo. Urefu, nusu nusu. Kichanga ametoka kukaa miezi amejikunja. Magoti yake hayataki kunyooka, na akipimwa kwa futi ya fundi cherehani juu ya kitanda, kosa la sentimita moja au mbili ni la kawaida. Kipimo sahihi kinahitaji ubao wenye kizuizi cha kichwani na kingine cha nyayoni, na watu wawili, mmoja akishika kichwa na mwingine magoti. Nimewahi kuona kadi ambayo mtoto "amefupika" kati ya wiki ya kwanza na ya sita. Hakufupika. Siku ile ya kwanza alipimwa mpaka ncha za vidole vya miguu badala ya kisigino.

Sasa tuje kwenye unyayo wa kijana, maana hapa imani ina sura ya ukweli na ndiyo maana haifi.

Kati ya watu wazima, wenye nyayo kubwa kwa kweli ni warefu zaidi kwa wastani. Unyayo wa mtu mzima huwa kama asilimia 15 ya urefu wake, na wanaochunguza alama za nyayo kwenye tukio la uhalifu hutumia jambo hilo kukadiria urefu wa aliyepita. Hata wao hawathubutu kutaja sentimita moja kamili. Wanaacha nafasi ya sentimita kadhaa juu na chini. Lakini ona wanachofanya: wanamkadiria mtu aliyemaliza kukua, kwa unyayo uliomaliza kukua. Ninyi mnataka kumkadiria mtu ambaye hajamaliza, kwa unyayo ambao huenda umekwisha kumaliza.

Mwili wa kijana haukui kwa pamoja. Unaanzia pembeni unakuja katikati. Nyayo na viganja hutangulia, kisha mifupa ya chini ya goti, kisha paja, na mwisho kabisa kiwiliwili. Ndiyo maana kijana wa miaka kumi na mitatu anajikwaa kwenye zulia na kumwaga chai. Amepewa nyayo za mtu mzima kabla hajapewa mwili wa kuzibeba. Unyayo hufikia kasi yake kubwa mapema kuliko urefu, na hukoma mapema. Kwa wasichana wengi unakuwa umemaliza kwenye miaka 12 au 13, kwa wavulana 14 au 15, huku urefu ukiendelea kwa miaka mingine miwili mitatu. Hata utotoni unyayo uko mbele: msichana wa mwaka mmoja ana kama nusu ya unyayo wake wa utu uzima, lakini nusu ya urefu wake anaifikia miezi sita hivi baadaye.

Kwa hiyo unyayo mkubwa wa ghafla katika umri wa miaka 12 unasema jambo moja kwa uhakika: balehe imeanza kazi. Hausemi itaishia wapi.

Niliwafuatilia wavulana wawili waliosoma darasa moja, wote wakiwa na miaka 13 nilipowaona mara ya kwanza. Wa kwanza alikuwa na unyayo wa sentimita 27, urefu 165, sauti imekwisha kukwaruza, na kivuli cha sharubu. Wa pili alikuwa na unyayo wa 23 na nusu, urefu 149, sauti ya mtoto kabisa. Mwalimu wa mpira wa kikapu alikuwa amemchagua wa kwanza na kumwambia wa pili ajaribu mchezo mwingine. Wa pili ndiye aliyeletwa kwangu, na baba yake, kwa sababu alikuwa ameacha kula akiwa na wenzake. Wa kwanza alikuja kumsindikiza, na mama yake akakubali tumpime pia.

Tukapiga picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto kwa kila mmoja. Mwishoni mwa mifupa ya mtoto kuna gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefuka. Picha inaonyesha gegedu hilo limebaki kiasi gani, na ukililinganisha na picha za mfano unapata umri wa mifupa. Mifupa ya wa kwanza ilikuwa ya kijana wa miaka 14 na nusu. Ya wa pili ilikuwa ya miaka 12. Mmoja alikuwa amekwisha kutumia karibu asilimia 95 ya urefu wake. Mwingine alikuwa ametumia kama 84 tu. Fanyeni hesabu: 165 ikiwa ni asilimia 95, mwisho wake ni kama 174. Na 149 ikiwa ni asilimia 84, mwisho wake ni kama 177.

Walipofika miaka 19 nilipata vipimo vyao. Wa kwanza 174, viatu namba 44. Wa pili 178, viatu namba 43. Unyayo wa yule wa kwanza ulikuwa umeongezeka nusu sentimita tu tangu siku ile ya eksirei. Nawaomba msinielewe kwamba mwenye unyayo mdogo ndiye atakayekuwa mrefu. Huko nako ni kupiga ramli. Yule wa kwanza angeweza kuwa wa ukoo wa watu warefu na akafika 190. Tofauti isingetoka kwenye unyayo, ingetoka kwa wazazi wake.

"Basi hao wazazi tuwahesabu vipi?" aliuliza dada mmoja aliyekuwa akiandika kila kitu.

Hesabu ni rahisi. Jumlisha urefu wa baba na wa mama. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawa kwa mbili. Yule kijana wa kwanza, baba yake alikuwa 172 na mama 162. Ukiongeza 13 unapata 347, na nusu yake ni 173 na nusu. Baba wa yule wa pili alikuwa 176 na mama 166, nusu ya 355 ni 177 na nusu. Hawa wawili walitua karibu mno na hesabu, na nakiri ni kwa bahati. Kwa kawaida acha sentimita nane au tisa juu na nyingine chini. Tena wapime wazazi kweli, msiwaulize. Wanaume wana tabia ya kujiongezea sentimita tatu, na wanazo sababu zao. Na hesabu hii inadhania kwamba mzazi mwenyewe alikua akila vizuri bila maradhi makubwa. Kama utoto wake ulikuwa wa njaa, urefu wake hauonyeshi alichorithi.

Fundi viatu mmoja alisimama nyuma. "Daktari, mimi nina wateja wafupi wanaovaa 43 na warefu wanaovaa 40. Hao vipi?"

Hao ndio wanaonilipa nije kuzungumza, fundi. Kwanza, namba ya kiatu cha Ulaya hupanda moja kwa kila theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo namba tatu ni sentimita mbili tu za kiatu. Unyayo mpana au wenye kisigino cha nyama unaweza kumfanya mtu achukue namba ya juu bila unyayo kurefuka. Pili, unyayo hubadilika bila urefu kubadilika. Wanawake wengi hupanda namba baada ya ujauzito, kwa kuwa upinde wa unyayo hushuka, na mara nyingi haurudi. Uzito ukiongezeka unyayo hutanuka. Lakini ukimwona mteja wa miaka arobaini ambaye kila mwaka anataka namba kubwa zaidi, pete haimtoki tena kidoleni na taya limejaa, mshauri aende hospitali. Pituitari inaweza kuwa inamwaga homoni ya ukuaji kwa mtu ambaye mifupa yake mirefu imekwisha kufungika. Hawezi kurefuka, kwa hiyo anapanuka. Mara nyingine fundi viatu huligundua kabla yetu.

Mama wa msichana wa miaka tisa aliuliza swali kwa sauti ndogo: unyayo wa binti yake umeruka namba tatu kwa mwaka, na wote nyumbani wamefurahi. Nilimuuliza kama ameona dalili za matiti. Akasema ndiyo, tangu alipokuwa na miaka saba na nusu. Hapo ndipo imani hii inapoweza kumdhuru mtoto. Msichana anayeanza kabla ya miaka minane, au mvulana kabla ya tisa, huwa mrefu kuliko wenzake kwa muda, nyayo kubwa, mikono mirefu, na kila mtu anampongeza. Lakini gegedu lake linafungika mapema, na anaweza kuishia mfupi kuliko wote waliokuwa wakiinua macho kumtazama. Hali hiyo inachunguzwa, na ikibidi balehe husimamishwa kwa dawa, ila dirisha haliko wazi siku zote. Nilimwomba aje wiki hiyohiyo.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana aliyekuwa ameletwa na mama yake na ambaye alikuwa ameangalia sakafu muda wote. "Shikamoo daktari. Mimi nina miaka 15. Viatu vyangu ni namba 41 tangu mwaka jana, havijabana. Ina maana nimemaliza?"

Marahaba. Unyayo wako huenda umemaliza. Wewe hujamaliza. Suruali je? Akasema mama yake amelalamika suruali ya shule imepanda juu ya kifundo tangu muhula uliopita. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kulikuwa na ukuta mtupu karibu na mlango. Alivua viatu na soksi, akaweka visigino, makalio na mabega ukutani, macho yakitazama mbele, nami nikaweka kitabu juu ya utosi wake kikiwa kimelala sawasawa na ukuta, nikapiga mstari mdogo wa penseli. Sentimita 166. Nikamwambia ajipime tena ukuta wa nyumbani kwao asubuhi ya kesho akiamka, kwa kuwa jioni uti wa mgongo huwa umebonyea na mtu hupungua kama sentimita moja, kisha ajipime tena baada ya miezi sita, asubuhi vilevile, na anipigie simu aniambie namba zote mbili.